Mto Pangani juu ni mtamu, chini ni chumvi: soma hii kabla hujakodi shamba karibu na bahari

Wiki hii naweka pembeni viwavi na bei ya mbolea, maana kuna jambo limenitoa ofisini mpaka Pangani, na naona linawahusu vijana wengi mnaoanza kushuka kule kukodi mashamba ya mboga na mpunga.

Ilianza na simu. Vijana wanne wa Handeni, watu ninaowafahamu vizuri kwenye nyanya, walikodi ekari mbili pembeni mwa Mto Pangani, kilomita kadhaa kutoka baharini. Walichagua kule kwa sababu zinazoeleweka: mto haukauki, ardhi tambarare, na soko la Tanga liko jirani. Wakapanda Januari. Wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, kijana mmoja akanipigia.

"Bwana shamba, majani yanaungua kwenye kingo kama yamepitiwa na moto. Tumepiga dawa ya ukungu mara mbili, wapi."

Nikamuuliza maji wanatoa wapi. "Mtoni, bwana shamba. Tena matamu, sisi wenyewe tunayanywa."

Nikamwambia akachote maji kwenye bomba linakotokea shambani, siyo mtoni, ayaonje. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Hee! Haya yana chumvi."

Mto mmoja, pampu moja, siku ileile. Mtoni maji matamu, bombani maji chumvi. Nikapanga safari.

Tulichokiona mtoni

Tulimwomba mzee mmoja mvuvi atupeleke kwa mtumbwi wake mpaka mahali mpira wa kuvutia maji ulipozama. Baada ya shikamoo na kumweleza shida yetu, mzee alicheka. Akasema wanawe wanajua toka wadogo kwamba pale juu unavua samaki wa mtoni na chini, kwenye mshipi mrefu, unapata samaki wa bahari.

Tulichukua chupa ya nusu lita, tukaifunga jiwe, tukaiziba kwa kipande cha gunzi la hindi, na gunzi lenyewe tukalifunga kamba yake ya pili. Ukiishusha chupa mpaka kina unachotaka, unavuta ile kamba ya pili, gunzi linatoka, chupa inajaa maji ya kina kilekile. Maji ya juu: matamu. Ya mita moja: matamu. Ya mita mbili: yana ladha ya chumvi. Ya chini kabisa, kama mita tatu: huwezi kumeza.

Na mpira wa wale vijana ulikuwa umelala wapi? Chini. Walikuwa wameufunga jiwe ili mkondo usiusogeze.

Kuna kitu kingine mzee alituonyesha. Mtumbwi ulikuwa unachukuliwa na maji kuelekea baharini, lakini kamba ya chupa ilipofika chini ililala kuelekea bara. Yaani maji ya juu yanateremka, ya chini yanapanda. Mito miwili ndani ya mto mmoja.

Kwa nini hayachanganyiki

Jibu liko kwenye uzito. Lita 1,000 za maji ya mto zina uzito wa takriban kilo 1,000. Lita 1,000 za maji ya bahari zina kama kilo 1,025, kwa sababu zimebeba chumvi ya kilo 35 hivi. Tofauti hiyo ya kilo 25 inaonekana ndogo, lakini inatosha. Mto unapokutana na bahari, maji mepesi ya mto yanaelea juu, na maji mazito ya bahari yanajipenyeza chini yake kwa umbo la kabari, nene upande wa bahari na nyembamba upande wa bara. Ncha ya kabari inatambaa sakafuni mwa mto, kimyakimya, hukuti dalili yoyote juu.

Jaribu nyumbani. Chukua lita moja ya maji, weka vijiko viwili vya chakula vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke, kisha tia rangi kwa rosela au chai ya rangi. Hayo ndiyo maji yako ya bahari. Yajaze nusu glasi. Sasa mimina maji ya kawaida juu yake polepole sana, yakipitia mgongo wa kijiko. Utaona mstari: rangi chini, maji meupe juu. Iache glasi mezani mpaka kesho, usiitikise. Mstari utakuwa umefifia kidogo tu.

Chumvi ikiachwa peke yake husafiri taratibu kupita kiasi. Kwenye maji yaliyotulia kabisa, kusambaa umbali wa mita moja kunachukua zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo kinachochanganya maji kwenye mlango wa mto ni kukorogwa. Na kukoroga huku kunahitaji nguvu, maana ni lazima uyanyanyue yale maji mazito ya chini uyapandishe juu. Ndiyo maana hata mto unaokimbia huchelewa kuichanganya.

Nguvu hiyo inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni kupwa na kujaa. Maji ya bahari yakiingia na kutoka yanasuguana na sakafu ya mto, na msuguano ule unaibua misukosuko inayopanda juu. Ya pili ni pale mpakani, ambapo maji ya juu na ya chini yanapishana yakienda pande tofauti. Yakipishana kwa kasi, vinatokea viwimbi vidogo vinavyovunjika ndani kwa ndani na kurusha chumvi kidogo kwenye maji matamu ya juu. Ni mchanganyiko wa vijiko vijiko, siyo wa ndoo.

Mwezi na mvua ndivyo vinavyoamua

Hapa kijana wa bara anatakiwa kujifunza maneno mawili ya watu wa pwani. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita tatu. Maji mafu ni siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haichezi sana.

Siku za maji mafu kukoroga ni kidogo. Tabaka zinajipanga vizuri: juu matamu, chini chumvi kali, na mpaka uko wazi. Ukionja maji ya juu siku hizo utaapa kwamba mto hauna tatizo. Siku za bamvua mkondo una nguvu, mpaka unavunjwa, na chumvi inapanda mpaka juu. Maji ya chini yanapungua ukali lakini ya juu yanaharibika. Ndiyo maana mtu anaweza kuonja mto Jumatatu ukawa mtamu, akarudi wiki inayofuata akakuta una chumvi, akadhani ameota.

Halafu kuna mvua. Masika mto ukiwa umejaa, maji matamu yanaisukuma kabari mpaka karibu na mdomo kabisa, pale kati ya mji wa Pangani na Bweni. Kiangazi mto ukipungua, hakuna cha kuizuia, kabari inapanda. Haipandi kwa siku moja. Inatambaa kwa siku na wiki, kila maji yakijaa inasogea mbele, yakipwa inarudi lakini siyo yote. Wale vijana wetu walikwenda kuliona shamba mwezi Mei. Walipanda Januari, wakaanza kumwagilia kwa nguvu Februari. Mei na Februari ni mito miwili tofauti.

Hesabu ya hasara

Chumvi kwenye maji ya kumwagilia tunaipima kwa kipimo kidogo cha mkononi ambacho wengi mnakiita EC mita. Unachovya kwenye kikombe, kinakupa namba. Angalia kwanza kioo kinaonyesha kizio gani: 1 dS/m ni sawa na 1 mS/cm, na ni sawa na 1000 µS/cm. Wengi wamekosea hapo, wakasoma 900 wakashtuka, kumbe ni 0.9 tu.

Mwongozo wa FAO unasema maji yaliyo chini ya 0.7 dS/m hayana shida. Kati ya 0.7 na 3 unahitaji tahadhari, kadiri namba inavyopanda. Juu ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Maji ya bahari yenyewe ni 50 na zaidi. Kwa hiyo haihitaji bahari nyingi kukuharibia. Lita moja ya maji ya bahari kwenye ndoo ya lita 20 inatosha kukufikisha kwenye 3.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme maji ya juu ya mto yana 0.5 na ya chini yana 18. Mpira wako uko karibu na mpaka, kwa hiyo sehemu nne kati ya tano za maji yake ni ya juu, na sehemu moja tu ni ya chini. Utapata:

(0.8 × 0.5) + (0.2 × 18) = 4.0 dS/m

Sehemu moja kati ya tano imekutoa kwenye maji salama kabisa ikakupeleka kwenye hatari.

Maji ya 4 dS/m yana takriban gramu 2.5 za chumvi kwa lita. Ekari moja ya nyanya kwenye jua la Februari inahitaji kama milimita tano za maji kwa siku, ambazo ni karibu lita 20,000. Zidisha: gramu 50,000, yaani kilo 50. Kila siku unamwaga mfuko mzima wa chumvi kwenye kila ekari. Ungemwona jirani yako anafanya hivyo kwa mkono ungemkimbiza hospitali.

Sehemu ya chumvi hiyo inazama chini, sehemu inabaki kwenye mizizi. Kwa umwagiliaji wa kawaida, chumvi ya udongo hufika kama mara moja na nusu ya ile ya maji, kwa hiyo maji ya 4 yanakupa udongo wa 6. Kwa viwango vinavyotumika duniani kukadiria mavuno, udongo wa 6 unakuachia hivi: nyanya na mpunga unabaki na karibu theluthi mbili ya mavuno, mahindi karibu nusu, vitunguu chini ya robo, na maharage unabaki na mikono mitupu. Na hapo ni kama mengine yote umeyafanya sawasawa.

Dalili shambani zinafanana na magonjwa, na ndiyo maana vijana walipoteza pesa kwenye dawa ya ukungu. Angalia hivi. Chumvi huunguza ncha na kingo za majani, ikianzia majani ya zamani, na inatokea shamba zima, haina madoadoa wala kitovu inakoanzia. Mmea unanyauka saa sita mchana ilhali udongo umelowa, kwa sababu chumvi inayazuia maji yasiingie kwenye mizizi. Na asubuhi, baada ya siku chache bila kumwagilia, unaona unga mweupe kwenye migongo ya matuta. Ukikutana na hayo matatu pamoja, weka bomba la dawa chini, chukua EC mita.

Pima kabla hujatoa pesa ya kodi

Ukitaka kukodi shamba lolote linalochota maji chini ya mto, iwe Pangani au Msangasi wetu unaotoka Handeni na kuingia baharini kusini yake, pima hivi.

Nenda kiangazi. Februari na Septemba ni miezi mizuri kwa sababu ndiyo mibaya. Ukipima masika unapima mvua, hujapima mto.

Nenda mara mbili: siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu. Kati yake ni kama wiki moja. Gharama yake ni nauli mbili, na nauli mbili ni ndogo kuliko mbegu ya pakiti moja.

Pima maji yakiwa yamejaa, lakini usikimbilie pale yanapofika kilele tu. Ndani ya mto mkondo huendelea kupanda muda fulani hata baada ya maji kufika juu kabisa. Subiri mpaka mto usimame, kabla haujageuka kurudi baharini. Muda huo ndipo chumvi imefika mbali zaidi.

Shusha chupa ya kamba. Chukua maji ya juu, kisha kila nusu mita mpaka chini. Pima kila chupa na uandike. Utakuta namba zinakwenda taratibu, 0.5, 0.5, 0.6, halafu ghafla zinaruka mpaka 5 au 10. Pale zinaporuka ndipo mpaka ulipo. Kama huna EC mita, ulimi utakujulisha chumvi ikiwa nyingi, lakini hautakuambia tofauti ya 1 na 2, na tofauti hiyo ndiyo inayoua maharage.

Rudia maji yakiwa yamekupwa. Ukipata mpaka uko mita mbili chini, au chumvi haipo kabisa, unajua una muda wa kuchota. Kama hata maji yakikupwa bado maji ya juu yanazidi 2, shamba hilo la kiangazi achana nalo, hata kama mwenyewe anakupunguzia bei.

Namna ya kuchota

Wale vijana hawakuhama. Tulibadilisha vitu viwili.

Cha kwanza ni mpira. Badala ya kulala chini, sasa unaelea. Madumu mawili matupu ya lita 20 yamefungwa kwenye fremu ya mbao, na kichwa cha mpira, pamoja na kichujio na vavu yake, kinaning'inia sentimita 30 hadi 40 chini ya uso wa maji. Ukiweka juu zaidi kinavuta hewa. Maji yakijaa au yakikupwa, madumu yanapanda na kushuka nayo, kwa hiyo kila saa unavuta maji ya juu.

Mtu anaweza kuuliza: pampu ikivuta kwa nguvu, si itaivuta na chumvi ya chini? Ndiyo, ukiwa karibu sana na mpaka. Maji mazito hayapendi kupanda, ila ukiyavuta kwa karibu yanatii. Kwa pampu ndogo ya inchi mbili, ukiacha nusu mita kati ya kichwa cha mpira na mpaka, uko salama. Maana yake unahitaji tabaka la maji matamu lenye unene wa mita moja hivi. Likiwa jembamba kuliko hapo, subiri yakupwe. Pampu kubwa inahitaji nafasi zaidi, kwa hiyo kwenye mto wa namna hii usinunue pampu kubwa kwa sifa. Pampu ya inchi mbili inatoa lita 20,000 hadi 30,000 kwa saa, na hiyo inatosha ekari moja kwa siku nzima.

Cha pili ni saa. Kwa kuwa saa moja tu ya kuvuta inatosha kila ekari, hakuna sababu ya kuvuta wakati mbaya. Vijana sasa wanavuta mwisho wa maji kupwa. Siku za bamvua pwani yetu hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na ndani ya mto unaongeza saa moja au zaidi kulingana na umbali wako na bahari. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Andika ratiba, iweke kwenye simu, ikugongee kengele. Muda ukiangukia saa saba mchana kwenye jua kali, vuta ujaze tangi au bwawa, kisha mwagilia jioni.

Kila unapowasha pampu, pima chupa ya kwanza inayotoka bombani. Weka kikomo chako na ukiheshimu: kwa nyanya wao wameweka 1.5. Ikizidi hapo pampu inazimwa, hata kama petroli imeshawekwa. Udongo uliokwisha kula chumvi nao unataka kuoshwa, kwa hiyo maji yakiwa mazuri wanaongeza kidogo juu ya mahitaji ya mmea ili chumvi izame chini ya mizizi, na mfereji wa kutolea maji wameuchimba. Bila mfereji, chumvi inazama leo na kupanda kesho.

Nyanya za mkupuo ule karibu nusu zilikwisha. Za mkupuo wa pili nimeziona kwa macho, na kingo za majani ni za kijani.

Wewe uliye Korogwe, nawe umo

Sasa nirudi kwenu mnaobaki huku juu. Kabari ya chumvi inazuiwa na kitu kimoja: maji yanayoteremka. Na maji hayo yanapita kwenu. Mto Pangani unatoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, unapokea Mkomazi na Lwengera, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo unaelekea baharini. Mitambo ya umeme haili maji, inayapitisha. Mashamba ndiyo yanayoyala. Maji uliyomwagilia yakishapaa kupitia majani ya mpunga, hayafiki tena Pangani kuisukuma chumvi.

Pampu moja ya inchi tatu inatoa kama lita 17 kwa sekunde. Inaonekana ndogo. Pampu mia moja zikiwashwa pamoja asubuhi ya Februari ni zaidi ya tani moja na nusu ya maji kila sekunde. Wakazi wa Pangani chini wamelalamika kwa miaka kwamba maji chumvi yanapanda mtoni na minazi ya pembezoni inadhoofika. Sababu ni zaidi ya moja, lakini kupungua kwa maji ya mto ni mojawapo.

Sisemi mzime pampu. Nasema mambo mawili yaliyo mikononi mwenu. Chukueni kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakitaka, na kibali kinasema kiasi gani uchukue. Na wenye mifereji, fungeni mlango wa mfereji usiku kama hamumwagilii. Maji yanayozunguka bure usiku kwenye jaruba lililojaa yangekuwa yanasimama kifua mbele ya chumvi kule chini.

Wale vijana wanne wa Handeni walizoea kuchota maji ya mto huu huku juu. Mwaka huu wako mwisho wake, na kila wakisikia kwamba Korogwe kuna kiangazi kikali wanakwenda kupima mpaka umefika wapi.

Mwenye shamba chini ya mto ambaye ana namba zake za kupima, aje nazo ofisini au aniite. Usije na maelezo ya "maji ni matamu tu, bwana shamba". Njoo na kina, saa, na mwezi uko wapi. Tutapanga ratiba yako ya kuvuta kabla ya msimu.

Tukutane shambani.